Bajeti haifungi? Soma ile tofauti kabla hujaanza kujumlisha upya

Dada yangu alinitumia picha ya karatasi ya bajeti yao ya mwezi, imeandikwa kwa penseli vizuri tu, na chini yake kaandika "mdogo wangu, hela haitoshi, tumeamua tupunguze akiba". Mapato yao ni 900,000 na wanapanga kila shilingi, yaani hamna kinachobaki hewani, kila kitu kinapewa kazi yake mpaka mapato yaishe. Sasa jumla ya matumizi ilikuwa imetoka 945,000, imezidi kwa 45,000, na wao wakaona njia rahisi ni akiba ishuke kutoka 50,000 iwe 5,000. Karatasi yenyewe ilikuwa hivi, nimeinakili kama ilivyo:

```
Kodi ya nyumba      270,000    28.6
Chakula             261,000    27.6
Usafiri              84,500     8.9
Umeme na maji        47,000     5.0
Shule                96,000    10.2
Mkopo                72,000     7.6
Simu na intaneti     28,500     3.0
Matibabu             36,000     3.8
Akiba                50,000     5.3
JUMLA               945,000   100.0
```

Angalia hiyo safu ya mwisho. Asilimia zimefika 100.0 kabisa bila hata nukta kuzidi, na hiyo ndo iliyowafanya waamini kwamba hesabu iko sawa na shida ni hela. Nikamwambia dada ngoja kwanza, msiguse akiba. Hesabu haikuwa sawa, kulikuwa na kosa moja dogo la kuandika, na asilimia zilikuwa zinalificha badala ya kulionyesha. Ntaeleza jinsi tulivyolipata, hatua kwa hatua, ili na wewe ukikutana na bajeti isiyofunga usianze kujumlisha upya mara sita mpaka kichwa kiume.

Hatua ya 1: Tafuta namba ya nje

Huwezi kukagua orodha kwa kutumia orodha hiyohiyo. Unahitaji namba nyingine ambayo haikutokana na kujumlisha hizo laini, alafu ndo ulinganishe. Kwa wanaopanga kila kitu mpaka mapato yaishe, namba hiyo ni mapato yenyewe. Kwa anayeandika matumizi ya mwezi uliopita, namba ya nje ni hela aliyoanza nayo ukitoa hela iliyobaki mkononi na kwenye akaunti. Ukishakuwa na namba mbili, toa moja kwenye nyingine, na hiyo tofauti iandike pembeni kwa kalamu, usiifute, maana kazi yote inayofuata inaitegemea. Hapa kwetu ni 945,000 kutoa 900,000, tofauti 45,000, na jumla ndo iliyozidi. Andika na upande pia, imezidi au imepungua, kuna mahali mbele utauhitaji.

Hatua ya 2: Hakikisha ni laini au ni kujumlisha

Jumlisha mara moja tu, lakini kutoka chini kwenda juu. Ukirudia kutoka juu jicho na kichwa vinapita njia ileile, na kama mara ya kwanza ulisema saba na nane kumi na nne, kuna uwezekano mkubwa utasema hivohivo tena. Ukianzia chini zile tarakimu zinakutana kwa mpangilio mwingine, kosa halipati nafasi ya kujirudia.

Kama unajumlisha kwa mkono, kosa la kawaida hapa ni kusahau ile namba ya "mkononi". Tuchukue orodha ileile ila chakula kiwe 216,000, jumla yake sahihi ni 900,000. Safu ya mamia ina 5 na 5, inatoka 10, unaandika sifuri na moja mkononi. Ukiisahau hiyo moja unapata 899,000, pungufu kwa 1,000. Safu ya maelfu nayo inatoka 40, nne mkononi, ukiisahau hiyo nne unapata 860,000. Kwa hiyo ukiona tofauti ni tarakimu moja inayofuatwa na sifuri tupu, 1,000 au 40,000 au 300, mshukiwa wa kwanza ni mkononi.

Nilipojumlisha ya dada kutoka chini nikapata 945,000 vilevile. Sawa, kujumlisha hakuna tatizo, kosa liko ndani ya laini mojawapo.

Hatua ya 3: Uliza tofauti maswali mawili mepesi

Swali la kwanza, je hiyo tofauti yenyewe ipo kwenye orodha kama laini? Kama jumla imezidi kwa 47,000 na umeme na maji ni 47,000, basi pengine umeiandika mara mbili, labda moja kwa jina la umeme na nyingine kwa jina la bili. Kama jumla imepungua kwa kiasi hicho basi uliiruka. Hili linatokea sana kwenye orodha zinazoendelea ukurasa wa pili.

Swali la pili, nusu ya tofauti ipo? Hii ni kwa kitu kilichotakiwa kutolewa lakini kikajumlishwa, au kinyume chake. Tuseme kuna hela unarudishiwa 12,000 na ulitakiwa uitoe kwenye matumizi, ukaijumlisha, basi jumla itakosea kwa 24,000, mara mbili yake, kwa sababu umeacha kutoa na juu yake ukaongeza. Ndo maana unagawa tofauti kwa mbili alafu unapitisha jicho kwenye orodha.

Kwa dada, hamna laini ya 45,000, na nusu yake 22,500 pia haipo. Tukaendelea.

Hatua ya 4: Gawa tofauti kwa 9

Hapa ndo penye utamu na hapa nataka tukae kidogo. Watunza vitabu wa zamani waliokuwa wanafanya kila kitu kwa mkono walikuwa wanaitumia sana hii. Ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili zinazopakana, ukaandika 61 badala ya 16, tofauti lazima igawanyike kwa 9 bila kubaki kitu. Sababu yake ni nyepesi, tarakimu iliyopaswa kukaa kwenye mamoja imeruka kwenye makumi, imeongezeka kutoka kuwa mara 1 mpaka mara 10, yaani imeongeza mara 9 yake, na ile nyingine imeshuka na kupoteza mara 9 yake. Kinachobaki ni 9 mara tofauti ya hizo tarakimu mbili. 61 kutoa 16 ni 45, na 45 ni 9 mara 5, na 6 kutoa 1 ni 5. Ndo hivo.

Kujua kama namba inagawanyika kwa 9 huhitaji hata kalkuleta, jumlisha tarakimu zake tu, zikitoa 9 au 18 au 27 basi inagawanyika. 45,000 ni 4 na 5, tisa. Imegawanyika.

Sasa gawa kweli, 45,000 kwa 9 ni 5,000. Isome hiyo 5,000 kwa sehemu mbili. Ile 5 inakwambia tarakimu zilizopishana zinatofautiana kwa 5. Zile sifuri tatu zinakwambia ziko wapi, yaani tarakimu ya upande wa kulia iko kwenye maelfu na mwenzake iko kwenye makumi elfu. Na kwa kuwa jumla imezidi, tarakimu kubwa ndo iliyotangulia mbele, ndo maana nilisema uandike upande.

Tukapita laini moja moja tukiangalia makumi elfu na maelfu peke yake. 270,000 ni 7 na 0, inatofautiana kwa 7, sio. 261,000 ni 6 na 1, tano, mshukiwa. 84,500 ni 8 na 4, nne, sio. 47,000 tatu tena ndogo imetangulia, sio. 96,000 tatu, sio. 72,000 ni 7 na 2, tano, mshukiwa. 28,500 ndogo imetangulia, sio. 36,000 vilevile. 50,000 ni 5 na 0, tano, mshukiwa.

Kwa hiyo kutoka laini tisa tumebaki na tatu, chakula, mkopo na akiba. Hapo hesabu imemaliza kazi yake, haiwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo, na tafadhali usichague kwa kuhisi. Hapo unarudi kwenye karatasi ya asili. Mkopo 72,000 ni makato yaleyale kila mwezi yako kwenye simu, dada akaangalia, sawa. Akiba 50,000 walikubaliana wenyewe, sawa. Nikamwambia dada nisomee daftari la chakula. Akasoma, "laki mbili na kumi na sita elfu". Nikamuuliza na kwenye karatasi umeandika ngapi, akakaa kimya kidogo, alafu akasema "sitini na moja". Kumbe shemeji alikuwa anamsomea huku yeye anaandika, na kumi na sita na sitini na moja ukizisikia harakaharaka zote zina hiyo "sit" ndani yake. Ukiandika kwa kusomewa, mwambie msomaji ataje tarakimu moja moja, mbili, moja, sita.

Chakula kikarudi 216,000, jumla ikawa 900,000, na akiba ikabaki na 50,000 yake.

Kuna ndugu wa karibu wa kosa hili, nalo ni sifuri kuruka. Ukiandika 3,600 badala ya 36,000 umepungukiwa 32,400, nayo inagawanyika kwa 9 na inatoka 3,600, yaani jibu linakuonyesha ileile namba mbovu kama ilivyoandikwa. Kwa hiyo ukishagawa kwa 9 fanya mambo mawili, kwanza tafuta jibu lenyewe kwenye orodha kama lipo na kama lina sifuri pungufu au zaidi, pili ndo usome tarakimu zinazopishana. Na kwenye kompyuta au simu kuna ile ya nukta na mkato, umeandika 47.000 ukimaanisha elfu arobaini na saba na mashine ikasoma 47 tu. Hapo tofauti ni 46,953, gawa kwa 999 unapata 47 safi.

Mpaka wake ujue pia. Namba nyingi tu zinagawanyika kwa 9 bila kuwa na kosa hili, kwa bahati, moja katika kila tisa. Na kama kosa ni kubonyeza tarakimu nyingine kabisa, 216,000 ikawa 246,000, tofauti ni 30,000 na kipimo cha 9 hakitasema kitu. Hapo tofauti inafanana na ya mkononi, tarakimu moja na sifuri, ndo maana hatua ya 2 inabidi iwe imeshapita, ukijua kujumlisha ni sawa basi unaangalia tarakimu ya makumi elfu kwenye kila laini ukilinganisha na risiti.

Hatua ya 5: Jibu likiwa halieleweki, kuna makosa mawili

Tuseme dada angekuwa amekosea chakula kwa kuzidisha 45,000 na pia ameandika matibabu 3,600. Jumla ingezidi kwa 12,600 tu, maana 45,000 kutoa 32,400. Ukigawa 12,600 kwa 9 unapata 1,400, imegawanyika vizuri kabisa, lakini angalia, 1,400 sio tarakimu moja na sifuri kwa hiyo haiwezi kuwa kupishana kwa tarakimu mbili jirani, na kwenye orodha hamna 1,400 wala 14,000 kwa hiyo sio sifuri iliyoruka pia. Dalili ndo hiyo, imegawanyika lakini haina mwenyewe. Acha kutafuta kosa moja.

Hapo vunja orodha vipande. Laini tatu tatu, kila kipande na jumla yake ndogo, na kila jumla ndogo uilinganishe na risiti au daftari la laini hizo tatu peke yake. Kipande kinacholingana unakiwekea alama na unakisahau. Kisicholingana unakipa tofauti yake mwenyewe alafu unaanza upya na maswali ya hatua ya 3 na 4 ndani ya kile kipande kidogo. Kwa mfano huu chakula kingekuwa kipande cha kwanza kikizidi kwa 45,000 na matibabu kipande cha tatu kikipungua kwa 32,400, na kila kimoja kingejieleza chenyewe. Yalikuwa yanachanganya kwa sababu moja linavuta juu na lingine linavuta chini, tofauti ya mwisho inaonekana ndogo kuliko makosa yenyewe.

Hatua ya 6: Sasa ndo uje kwenye asilimia, na uulize zimegawiwa kwa namba gani

Asilimia usiziguse kabla jumla haijakaa sawa, utazirudia tu.

Rudi kwenye ile karatasi ya kwanza. Kwa nini zilifika 100.0 wakati chakula kilikuwa na kosa la 45,000? Kwa sababu kila laini iligawiwa kwa 945,000, jumla ya orodha hiyohiyo. Ukigawa laini kwa jumla yao wenyewe lazima zirudi mia, hata ungeandika chakula milioni mbili zingerudi mia. Kufika mia hapo hakuthibitishi chochote kuhusu laini, kunathibitisha tu kwamba ulijua kugawa. Na wakati huohuo kila laini nyingine imeguswa kimyakimya, kodi ambayo ni asilimia 30 ya mapato ikaonekana 28.6, akiba ambayo ni 5.6 ikaonekana 5.3.

Mi nashauri gawa kwa mapato, sio kwa jumla ya matumizi. Kama dada angegawa kwa 900,000 asilimia zingefika 105, na hiyo 105 ingepiga kelele yenyewe, maana 105 ya mapato ni 945,000, ndo ileile jumla iliyozidi. Yaani safu ya asilimia inakuwa shahidi wa pili badala ya kuwa kioo cha jumla. Kama mapato hayapangwi yote, weka laini ya "kilichobaki" nayo iwe na asilimia yake.

Hatua ya 7: Tenganisha kosa na kuraundi

Dada akafuta asilimia, akaanza kugawa kwa 900,000, akanitumia picha ya pili.

```
Kodi ya nyumba      270,000    30.0
Chakula             216,000    24.0
Usafiri              84,500     8.9
Umeme na maji        47,000     5.0
Shule                96,000    10.7
Mkopo                72,000     8.0
Simu na intaneti     28,500     3.2
Matibabu             36,000     4.0
Akiba                50,000     5.6
JUMLA               900,000    99.4
```

Akauliza, hii 99.4 si ni zile desimali tu? Swali zuri na lina jibu la uhakika. Ukiandika asilimia kwa desimali moja, kila laini inaweza kudanganya kwa 0.05 tu, iwe juu au chini. Laini ziko 9, kwa hiyo zote zikidanganya upande mmoja kwa kiwango cha juu kabisa utapata 9 mara 0.05, yaani 0.45. Kuraundi peke yake kunaweza kukupeleka popote kati ya 99.55 na 100.45, na kiuhalisia haliendi mbali hivo maana nyingine zinapanda na nyingine zinashuka. 99.4 iko nje ya uzio. Basi sio kuraundi, kuna kosa.

Kama unaandika asilimia nzimanzima bila desimali, uzio ni nusu mara idadi ya laini, kwa laini 9 ni 4.5, mpana sana, kosa la asilimia 3 linapita bila kuonekana. Ndo maana wakati wa kukagua tumia desimali moja, hata kama baadae utazitoa.

Hatua ya 8: Rudisha kila laini nyuma

Kupata laini yenye kosa, usirudie kugawa ileile. Geuza, chukua kiasi cha hela, gawa kwa asilimia yake, zidisha mara 100, na kila laini inatakiwa ikurudishie 900,000 au karibu yake. Kodi, 270,000 gawa kwa 30.0 mara 100, 900,000. Chakula 900,000. Mkopo na matibabu nazo 900,000. Shule inatoka 897,196, akiba 892,857, simu 890,625. Usafiri inatoka 949,438. Umeme na maji 940,000.

Hizo tatu za kati zisikutishe. Laini ndogo zinayumba zaidi kwa sababu 0.05 kwenye asilimia 3 ni kubwa kuliko 0.05 kwenye asilimia 30. Ukitaka uhakika pima kingo zake, simu 3.2 maana yake ni kitu kati ya 3.15 na 3.25, na 28,500 kwa hizo kingo inatoa kati ya 876,923 na 904,762, 900,000 imo ndani, sawa. Fanya hivohivo kwa usafiri, 8.85 mpaka 8.95, inatoka kati ya 944,134 na 954,802. 900,000 haimo, ila 945,000 imo. Umeme na maji, 4.95 mpaka 5.05, inatoka kati ya 930,693 na 949,495, na hapo pia 945,000 imo.

Umeona? Laini hazijakosewa ovyo, zote mbili zinaelekeza kwenye 945,000, jumla ya zamani. Nikamuuliza dada, hizi mbili ulizigawa upya kweli? Akaangalia karatasi, mistari miwili hiyo iko mfululizo na alama za kufuta hazipo. Aliiruka alipoitwa na mtoto, akarudi akaanzia shule. Usafiri ukawa 9.4, umeme na maji 5.2.

Jumla ya asilimia sasa ni 100.1. Iko ndani ya uzio wa 0.45, na laini zote zinarudi kwenye 900,000, kwa hiyo hiyo 0.1 ni kuraundi tupu. Kwenye karatasi ya kazi iache hivohivo na uandike pembeni "kuraundi", usilazimishe mia, maana ukipunguza laini moja kwa nguvu mwezi ujao hutajua kwa nini hairudi nyuma vizuri. Kama ni karatasi ya kubandika ukutani na hiyo 100.1 itawasumbua watu, punguza 0.1 kwenye laini iliyopandishwa zaidi na kuraundi. Hapa ni akiba, thamani yake kamili ni 5.5556 ikapandishwa mpaka 5.6, iandike 5.5. Hela yenyewe haibadiliki, ni 50,000 palepale.

Kama bajeti yako iko kwenye eksel

Mashine haikosei kujumlisha lakini inakosea kwa namna zake. Tuseme laini 9 ziko B2 mpaka B10, jumla B11, mapato B12. Weka hizi nne, kila moja kwenye seli yake:

```
=SUM(B2:B10)
=COUNT(B2:B10)
=B11-B12
=B2/$B$12
```

Ya pili watu wengi hawaiweki na ndo inayookoa. COUNT inahesabu seli zenye namba za kweli, inatakiwa itoe 9. Ikitoa 8 wakati kwa macho unaona namba tisa, kuna moja mashine inaiona kama maandishi, labda umeweka herufi O badala ya sifuri au kuna nafasi katikati, na SUM inairuka bila kukuambia chochote. Mara nyingi hiyo seli inakaa upande wa kushoto wakati wenzake wamekaa kulia. Tofauti yako ya hatua ya 1 itakuwa sawasawa na laini hiyo, kama vile umeisahau.

Ukiongeza laini mpya chini kabisa ya orodha, bonyeza seli ya jumla uone kama SUM imeifikia, wakati mwingine inabaki inaishia palepale pa zamani. Na zile alama za dola kwenye ya nne usiziache, bila hizo ukiivuta fomula kwenda chini namba ya kugawia nayo inashuka, laini ya kwanza inagawiwa kwa B12, ya pili kwa B13 ambayo ni tupu, na utaona #DIV/0! zimejaa. Hiyo angalau inaonekana. Mbaya zaidi ni pale chini kuna namba nyingine imekaa, inagawa kwa hiyo bila kulalamika, na hapo unarudi hatua ya 8, gawa kiasi kwa asilimia yake uone laini gani hairudi kwenye mapato.